Jinsi ya Kujifanya Unaijua Saa

Hakuna mtu mzima anayependa kuonekana akihesabu vidole mbele ya dirisha la tiketi. Upo stendi ya Bunda, umevaa vizuri, foleni iko nyuma yako, na tiketi imeandikwa 06:00. Ukisoma "saa sita" ukaja adhuhuri, utakuta basi limeondoka tangu saa kumi na mbili asubuhi. Sogea karibu nikupe njia za mkato. Zinafanya kazi, na hakuna atakayejua kwamba hukufanya hesabu.

1. Tazama upande wa pili. Kwenye saa ya ukutani, mshale mfupi ukiwa kwenye 7, vuka moja kwa moja kupitia katikati hadi upande unaotazamana nao. Utaangukia 1. Hiyo ndiyo saa moja asubuhi. Nane inatazamana na mbili, kumi na mbili inatazamana na sita. Mshale mrefu usome ulivyo, kwa sababu dakika hazibadiliki: 7:20 ni saa moja na dakika ishirini.

2. Namba za saa 24 zigawe mafungu matatu. Kuanzia 07:00 hadi 18:59 toa sita: 14:00 ni saa nane mchana. Kuanzia 19:00 hadi 23:59 toa kumi na nane, kwa hiyo 20:00 ni saa mbili usiku. Kuanzia 00:00 hadi 06:59 ongeza sita. Fungu hili la mwisho ndilo linalowaangusha watu, maana mabasi mengi ya alfajiri yamo humo.

3. Hata hayo yakikuchosha, iachie simu. Fungua sehemu ya saa za miji ya dunia, uongeze Buenos Aires. Mji huo uko nyuma yetu saa sita kamili mwaka mzima, hivyo Musoma ikiwa 7:00 asubuhi, Buenos Aires itaonyesha 1:00. Weka mtindo wa saa 12, puuza alama ya AM au PM, na una saa ya Kiswahili mfukoni. Lakini usibadilishe saa kuu ya simu. Ukifanya hivyo, kengele ya kukuamsha nayo itafuata Argentina, na utaamka basi likiwa mbali.

4. Usipande basi kwa kutazama jua la Mara. Hapa ndipo wajanja wengi hukwama, na sababu yake inavutia. Saa zetu huhesabiwa tangu kupambazuka: ikifika 7:00, saa moja ya mchana imekwisha kupita, ndiyo maana tunaiita saa moja. Karibu na ikweta mpango huo unafaa, kwa kuwa urefu wa mchana haubadiliki sana mwaka mzima. Ila saa ya Afrika Mashariki imepangwa kwa jua la longitudo 45, kule inakopita karibu na Mogadishu, nayo Musoma iko karibu na 34. Kila digrii ni dakika nne. Kwa wastani, basi, jua la Musoma liko nyuma ya saa kwa takriban dakika 45.

Matokeo yake, jua halichomozi saa kumi na mbili kamili. Mwanzoni mwa Novemba huchomoza kama saa kumi na mbili na dakika 25, na katikati ya Februari hukaribia saa moja kasoro dakika tano. Kwa hiyo ukiliona linachomoza Musoma au Butiama na mtu akakuuliza saa, jibu kwa uhakika, "Inakaribia saa moja." Hutakosea sana. Anayesubiri jua ndipo atoke nyumbani kuwahi basi la saa kumi na mbili ameshalikosa.

5. Siku ya usiku iulize mapema. Tuseme tiketi inasema Jumapili, 00:30. Umeongeza sita, umepata saa sita na nusu usiku, vizuri sana. Sasa ukijitokeza stendi Jumapili usiku, umechelewa siku nzima. Kalenda ya tiketi hugeuza siku usiku wa manane, lakini sisi tunapozungumza tunauita usiku ule wa Jumamosi mpaka kuche. Wazee waliohesabu siku tangu jua linapozama wasingekosea, kwao Jumapili ilikuwa imeanza tangu magharibi. Wewe usibishane na karani. Muulize tu, kwa sauti ya mtu anayehakikisha jambo alilokwisha kulijua: "Ni usiku wa kuamkia Jumapili, sivyo?" Akisema ndiyo, funga begi Jumamosi mchana.