Namna ya Kuwaaga Waliokuchosha Wakabaki Wakikulilia

Hongera, umepata kazi nyingine. Barua ya kuacha kazi umeshaipeleka, bosi ameisoma huku anakuna kidevu, na yule mshereheshaji wa kujitolea ambaye hakosekani katika ofisi yoyote ametangaza kwenye kikundi cha Wasapu kwamba Ijumaa saa tisa alasiri kutakuwa na kahafla kadogo. Soda, sambusa, na keki yenye jina lako lililokosewa herufi moja. Kisha utaombwa useme machache.

Hayo machache ndiyo yanayowaponza watu wazima. Mtu amevumilia miaka mitatu, anashindwa kuvumilia dakika tatu. Wewe hutakuwa mmoja wao. Tuelewane mapema kwamba hapa hatufundishi wema. Tunafundisha namna ya kutoka mlangoni ukiwa umenyooka, huku waliokutesa wakiamini ulikuwa unawapenda.

Hatua ya kwanza: jua nani bado amekushika.

Tuchukulie wewe ni karani wa hesabu katika kampuni ya kutoa mizigo bandarini, ofisi iko Kurasini, Dar es Salaam. Unalipwa kwa mwezi, kwa hiyo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakutaka utoe notisi isiyopungua siku 28. Siku hizo ni nyingi kuliko zinavyosikika. Ndani yake kuna makabidhiano ya kusainiwa, siku za likizo ambazo hukuzichukua na zinazotakiwa kulipwa, na cheti cha utumishi ambacho sheria hiyo hiyo inamtaka mwajiri akupe unapoondoka.

Basi ukipangiwa hafla kabla ya makabidhiano kusainiwa, iahirishe. Sema mama mdogo anaumwa. Mtu mwenye karatasi zake mfukoni huongea vizuri zaidi kuliko anayezisubiri. Na hata ukishakuwa nazo zote, kumbuka kwamba mwajiri wako wa kesho kutwa, akitaka kujua habari zako, hatakipigia simu cheti. Atampigia bosi. Hakuna sheria inayomlazimisha bosi akusifie kwenye simu, na hapo ndipo hotuba yako inapofanya kazi. Unamwachia maneno mazuri ya kukumbuka, kwa sababu yeye mwenyewe hana muda wa kuyatunga.

Hatua ya pili: andika kwanza hotuba ya kweli.

Iandike kwa mkono, nyumbani, kwenye daftari la mtoto. Usiiandike kwenye kompyuta ya kampuni, wala kwenye simu ambako kidole kikiteleza inatua kwenye kikundi cha ofisi. Andika yote. Bosi anayekupigia saa nne usiku kuuliza kitu alichotumiwa asubuhi. Mwenzako aliyewasilisha jedwali lako kwenye kikao akisema "nimeliandaa". Ratiba ya likizo inayobadilika kila anaporudi mpwa wa mkurugenzi. Na lile kontena la vigae lililolala bandarini likila tozo kwa sababu karatasi ilikaa mezani kwa bosi bila saini, halafu barua ya onyo ukaandikiwa wewe.

Msomee mwenzi wako. Atacheka, atakasirika kwa niaba yako, atasema "wape hivyo hivyo". Usiwape. Ila usilichane daftari bado, maana humo ndimo utakamochota hotuba ya pili.

Hatua ya tatu: geuza malalamiko yawe sifa.

Hii ndiyo njia ya mkato, na ndiyo sababu nimekuita hapa. Wengi wakitaka kusifia wasichokipenda huzua uongo: "Tumeishi kama familia." Ofisi nzima inajua hamkuishi kama familia, au inajua kwamba mliishi hivyo na ndiyo maana unakimbia. Uongo wa namna hiyo unasikika mpaka getini. Wewe chukua jambo la kweli, liondolee maumivu, liseme kwa sauti tulivu.

Bosi wa saa nne usiku anakuwa hivi: "Meneja wetu halali kazi ikiwa haijakwisha." Ni kweli tupu. Anayepitia kila barua mara sita mpaka mteja anakata tamaa: "Kwake nimejifunza kwamba karatasi haitoki ofisini bila kusomwa." Aliyekuibia jedwali ni mtamu zaidi: "Ninafurahi kwamba kazi zangu zilifika mpaka kwenye vikao ambavyo mimi mwenyewe sikuvifikia." Yeye atapiga makofi kuliko wote.

Lakini chunga. Sentensi ya namna hii ina milango miwili, na bosi lazima aingilie ule wa mbele. Ipime hivi: isome kwa sauti ukijifanya ndiye bosi. Ukivimba kifua, iache. Ukisita hata kidogo, ifute. Na katika hotuba nzima usiweke zaidi ya mbili. Ukifika ya tatu, wale vijana wa kaunta wataanza kutazamana, mmoja atacheka na soda mdomoni, na kazi yote imeharibika.

Kuna jambo moja halina mgeuzo: kontena la vigae. Kila mtu chumbani analisubiri. Mhasibu mkuu ameacha kutafuna ili asikie vizuri. Usilitaje, usilizunguke, usiseme "changamoto za hapa na pale", maana ofisi nzima italisikia kontena ndani ya neno hilo. Aliyeonewa akinyamaza, wenye makosa hukaa roho juu hafla nzima, na hilo ni pato dogo ambalo hakuna atakayekudai risiti yake.

Hatua ya nne: ukitaja vyeo umekwisha.

Kwenye timu ngumu, ugomvi mkubwa ni nani ni mkubwa kuliko nani. Meneja wa operesheni na meneja wa fedha hawajasalimiana tangu Ramadhani iliyopita. Ukianza na mmoja, umechagua upande siku yako ya mwisho. Namshukuru aliyetupatia maneno mawili yaliyowaokoa wasemaji wengi wa nchi hii: "Itifaki imezingatiwa." Yatamke, shusha pumzi, songa mbele. Hakuna atakayejua umeizingatia vipi.

Kisha mimina shukrani kwa watu wadogo, na uwe mahususi. Mama wa chai aliyekuwekea chapati mbili kwenye sahani na kuifunika siku za kufunga hesabu. Mlinzi aliyekuazima mwavuli. Dereva aliyekushusha Mwenge mvua inanyesha. Hapo huhitaji ufundi wowote, sema tu kilichotokea. Nusu ya muda wako ukiutumia kwao, wakubwa watapata sentensi mojamoja bila kuonekana wamepunjwa, nawe utaonekana mnyenyekevu. Mama wa chai atalia. Machozi yake yatahesabiwa kuwa ya ofisi nzima.

Hatua ya tano: sababu ya kuondoka iwe moja na iwe butu.

"Natafuta changamoto mpya" kila mtu anaitafsiri kuwa mshahara. "Nimeamua kukua" ina maana wao wamedumaa. Tafuta sababu ambayo hakuna wa kubishana nayo. Unakaa Tegeta, unafanya kazi Kurasini, na kazi mpya iko Kunduchi? Umemaliza. Foleni haina ndugu wala adui, na kila aliyemo humo chumbani ameilaani asubuhi hiyo hiyo.

Hatua ya sita: msamaha, na mtego uliomo.

Kuaga bila kuomba radhi kwetu ni kama hujaaga. Kwa hiyo utasema: "Kama kuna niliyemkosea, naomba anisamehe." Nukta. Ulimi utawaka kutaka kuongeza "na mimi nimewasamehe wote". Ung'ate. Maneno hayo yanasikika ya kiungwana lakini ni hati ya mashtaka. Kila mtu atajiuliza umemsamehe nini, wengine watajibu papo hapo, na hafla itageuka baraza la usuluhishi. Kama umewasamehe kweli, watajua. Kama hujawasamehe, si jambo la kutangaziwa karibu na keki.

Hatua ya saba: ipime, kisha uisome.

Maneno 250 hivi yanatosha dakika tatu ukienda polepole. Shika karatasi hata kama umekariri, kwa sababu karatasi ndiyo inayomzuia mtu asiongeze la moyoni. Hii hapa ya karani wetu, ikiwa imefupishwa. Nakili, badilisha mwavuli na chapati.

"Itifaki imezingatiwa. Ndugu zangu, nitasema kidogo ili soda zisije zikawa moto. Niliingia hapa sijui hata kusoma ankara ya bandari. Leo naijua mpaka mstari wa mwisho, na walionifundisha wamo humu. Mama wa chai, zile chapati zilizofunikwa sahani siku za mwisho wa mwezi sitazisahau. Mzee wetu wa getini, mwavuli wako nimeurudisha jana, uko nyuma ya mlango. Meneja wetu, kwako nimejifunza kwamba karatasi haitoki ofisini bila kusomwa. Wenzangu wa hesabu, ninafurahi kwamba kazi zangu zilifika mpaka kwenye vikao ambavyo mimi mwenyewe sikuvifikia. Naondoka kwa sababu ya foleni ya Tegeta, ambayo imenishinda. Mafaili yote yapo kwenye kabati la kushoto, yamepangwa kwa miezi, na anayepokea kazi ana namba yangu. Kama kuna niliyemkosea, naomba anisamehe. Ni kwaheri ya kuonana. Asanteni."

Umeiona hiyo ya mafaili? Hiyo ndiyo silaha. Umetamka mbele ya mashahidi, bosi akiwemo, kwamba kila kitu kipo na kipo wapi. Mwezi ujao karatasi ikipotea, na itapotea, hakuna wa kusema uliondoka nayo.

Yaliyobaki ni madogo.

Zawadi ikitolewa, pokea kwa mikono miwili; itakuwa saa ya ukutani. Usiifungue pale pale ukaonyesha uso wako. Kwenye picha ya pamoja simama kando ya aliyekuchosha kuliko wote, tabasamu, maana picha hiyo itakaa kwenye simu yake na siku akiulizwa habari zako ataitazama. Keki ikikatwa, kipande cha kwanza mlishe bosi.

Kikundi cha Wasapu usikitoke usiku huo huo. Watasema ulikuwa unasubiri. Kinyamazishe, subiri wiki mbili, toka siku ambayo wanagombania ratiba ya likizo. Hakuna atakayegundua. Na mwanasheria wako, kama ile barua ya onyo bado inakukereketa, mpigie Jumatatu, ukiwa Kunduchi, kwa simu yako mwenyewe.