Rimu Hamsini, Katoni Kumi

Oda ilisema rimu 50 za karatasi za A4. Ankara ya muuzaji ikasema 50, kwa bei ileile. Mtunza ghala, asiyependa kufungua maboksi, alihesabu katoni na kuandika kwenye hati ya mapokezi: 10.

Hakuna kilichoibwa, maana kila katoni ina rimu 5. Lakini mfumo hulinganisha namba, nao uliona rimu 40 hazijafika, ukazuia malipo. Dawa ilikuwa kufuta mapokezi yale na kuyaingiza upya kwa rimu.

Mhasibu hakushuka ghalani, ngazi nazo zinachosha. Akamdai muuzaji “upungufu”. Muuzaji, kwa njaa ya hela, akaleta rimu 40 nyingine, na ankara yake.

Mtunza ghala akapokea. Akaandika: 8.