Opena Kaondoka Nayo Nani?

Dodoma ina Bunge, ina wizara, ina chuo kikuu juu ya vilima. Opena ya soda ndiyo haina. Nenda mnadani Msalato Jumamosi ukajionee: mbuzi amechomwa vizuri, pilipili ipo, soda ya baridi imetua mezani, na mhudumu katokomea na opena mfukoni. Ukimwita anajibu, "Nakuja, baba!" Haji.

William Painter, Mmarekani aliyepata hataza ya kizibo cha chupa kama hiyo mwaka 1892, alijua watu watahangaika. Mwaka 1894 akapata nyingine, ya opena. Sisi tumechukua kizibo, opena tumemwachia mwenyewe.

Basi hapo ndipo mafundi wanapojitokeza. Yule wa meno simwongelei, akaonane na daktari wake. Anayenikera ni wa ukingo wa zege: anaegesha kizibo, anapiga kofi moja, pwaa! Kizibo kina meno 21 yaliyouma chini ya mdomo wa chupa. Kofi likishuka, kioo nacho kinapigwa, na kioo hakijui kupinda, kinajua kumeguka tu. Kipande kimekwenda wapi, chini au ndani ya soda? Hapo fundi anacheka, na mwenye duka anakataa kupokea chupa. Unailipia.

Mimi nataka kiberiti cha gesi, au mpini wa kijiko kigumu. Shika shingo ya chupa juu kabisa, uibane kweli, kidole cha shahada kikizunguka karibu na kizibo. Kitako cha kiberiti kiingie chini ya meno, kikilalia pingili ya kidole hicho. Kisha bonyeza upande wa pili ushuke. Mzigo wote ubebwe na kidole. Chuma au plastiki isiegemee kioo hata kidogo. Ukisikia "kri", umeegemea kioo: acha, panga upya. Pingili ikiuma, ikunjie leso. Kizibo kikigoma usiongeze ubabe. Inua meno mawili matatu, zungusha chupa kidogo, inua mengine, kitalegea chenyewe. Na kama soda imekuja na bodaboda juani, iache itulie kwanza, la sivyo itakuogesha shati.

Kikishatoka, usinywe haraka. Elekeza mdomo wa chupa kwenye jua, kisha upitishie tishu taratibu, usipitishe kidole. Tishu ikinasa au ikichanika, pameguka. Mwaga yote. Atatokea mjuaji wa kusema uichuje kwa kitambaa. Mpe yeye anywe kwanza, uone kama atakubali.

Nanyi wenye vibanda, nawaomba: fungeni opena kwa kamba kwenye kila nguzo. Mhudumu abaki na sahani zake.