Yah: Jumamosi Tatu

Kujua kuchapa kwa vidole kumi ni balaa. Kila mwenye donge kazini kwetu huliteremshia mezani kwangu, nimpangie aya. Mwaka jana, mwanzoni mwa Oktoba, zamu ilikuwa ya mzee wetu wa ghala. Aliniwekea kurasa nne za kalamu nyekundu zilizoandikiwa ofisi ya rasilimali watu. Ukurasa wa kwanza ulimshukuru Mungu, wa pili ukamlaani msimamizi wake, na wa tatu ulisema "mimi si punda" mara nyingi kiasi cha kumtia mtu wasiwasi.

"Mzee, unadai nini hasa?"

"Haki yangu!"

"Ni shilingi ngapi?"

Akanyamaza. Kurasa nne nzima hazikuwa na tarehe hata moja, wala bei.

Nikamwomba akae tuhesabu. Mshahara wake wa msingi ni 585,000 kwa mwezi. Jedwali la Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 linasema mshahara wa mwezi ugawanywe kwa 4.333 ili upate wa wiki, kisha kwa saa za kawaida za wiki. Zake ni 45, Jumatatu hadi Ijumaa. Inakuja karibu 3,000 kwa saa. Saa ya ziada hailipwi chini ya mara moja na nusu, kwa hiyo 4,500. Kwa kuwa saa zake 45 huisha Ijumaa, Jumamosi yote ni ovataimu.

"Jumamosi zipi?"

"Zote! Tangu nianze kazi!"

Nikasema tuanze na Septemba. Akataja tarehe 6, 13, 20 na 27, kila siku saa 2 asubuhi hadi saa 6 mchana. Nikaandika, kisha mkono ukasita kwenye tarehe 6.

"Mzee, tarehe 6 si ndiyo harusi ya mpwa wako?"

"Harusi ilikuwa jioni."

"Uliweka picha za pilau kwenye status saa 4 asubuhi."

Akadai ni pilau la majaribio. Nikaifuta. Sikuwa mwanamaadili wakati huo, nilikuwa nawaza daftari la mlinzi wa getini. Afisa akilifungua akaikuta tarehe 6 haina sahihi, hataishia kuikata hiyo moja, ataanza kuzitazama na zile tatu kwa jicho la pembeni. Tukalikagua wenyewe. Tarehe 13, 20 na 27 zilikuwepo, kuingia na kutoka. Saa 12, sawa na 54,000.

Aliyeagiza kazi? Mzee akafungua simu. Kwenye kundi la ghala msimamizi alikuwa ameandika Ijumaa tarehe 12: "Kesho wote saa 2, bila kukosa." Hilo tuliliambatisha kama lilivyo. Laana ya ukurasa wa pili ilikuwa na shabaha, lakini haina pa kuambatishwa.

Ugomvi wetu mkubwa ulikuwa juu ya neno "ananinyanyasa". Nilimuuliza msimamizi alisema nini siku alipodaiwa. "Alisema, ukitaka kulipwa Jumamosi katafute kazi benki." Lini? Jumatatu tarehe 29. Nani alisikia? Dereva wa foklifti. Basi tukaandika maneno hayo, siku hiyo na shahidi huyo, na kunyanyasa tukamwachia msomaji akuone mwenyewe. Mzee aliona nimempunguzia uchungu. Nilipomsomea kwa sauti, alitikisa kichwa: "Mwanangu, hii mbaya zaidi."

Pia alitaka tumalizie na "tukutane CMA". Nikamkatalia. Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ipo, na mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hupelekwa ndani ya siku 60. Siku hizo azihesabu nyumbani kwenye kalenda yake, kwenye barua hazina kazi bado. Mwishoni tuliweka ombi tu: alipwe, au apewe maelezo kwa maandishi kufikia Ijumaa tarehe 17 Oktoba.

Kurasa nne zikawa moja, pamoja na "Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu", ambayo mzee aliipenda kuliko zote. Ikabaki ile desturi ya kupitishia barua kwa mkubwa wako, ambaye hapa ndiye mlalamikiwa. Tukaandika "K.k. Msimamizi wa Ghala" kwa adabu zote, na nakala ya pili mzee akaipeleka masjala mwenyewe igongwe muhuri wa kupokelewa. Nakala ya msimamizi, nasikia, bado inasomwa.

Tarehe 15 mzee akaitwa. Afisa alikuwa na daftari la getini mezani na fomu ya malipo imeshajazwa. Alimwonyesha pa kusaini, kisha akauliza bila kuinua uso:

"Tarehe 6 mbona umeiruka, mzee?"

"Nilikuwa harusini, mama."

"Najua. Pilau lile lilikuwa na nyama kweli."