Jinsi ya Kuifungia Ofisi Nzima Nje kwa Tarakimu Mbili

Mkaguzi amefika, amefungua jedwali lake na kuuliza akaunti zenu hujifunga baada ya makosa mangapi ya nywila. Usihangaike. Jaza 3, kama kila mtu anavyojaza. Kwenye muda wa kufungwa jaza 0, maana katika Windows sifuri hapo haina maana ya kufungua papo hapo. Maana yake akaunti ibaki imefungwa hadi msimamizi aje kuifungua kwa mkono wake. Kwa tarakimu hizo mbili umempa mgeni yeyote wa mtandaoni uwezo wa kuisimamisha ofisi yako bila kujua nywila hata moja. Kilichobaki ni kumrahisishia kazi.

Anza na majina. Jina la kuingilia liwe jina la kwanza, nukta, jina la ukoo, na orodha nzima ianikwe kwenye tovuti pamoja na picha za watumishi wakitabasamu. Kisha uweke ukurasa wa kusomea barua pepe wazi kwa dunia nzima, ukitumia akaunti zile zile ambazo watu huwashia kompyuta zao asubuhi. Atakayekosea kwa makusudi kule nje atakuwa amemfunga mhasibu huku ndani.

Wapo watakaokutetea kwamba hata mashine ya kutolea pesa hukupa nafasi tatu. Ni kweli, ila pale mwizi sharti kwanza awe na kadi yako mkononi. Kwako kadi ni jina la mtu, na umeshalichapisha.

Sasa tufanye hesabu ya ofisi yenye wafanyakazi 500. Kwa mpangilio wako wa 3 na sifuri, adui anahitaji majaribio 1,500. Akituma moja kila sekunde, dakika 25 zinamtosha, kisha anaenda kulala, na dawati lako la TEHAMA linakesha likifungua akaunti moja moja. Ukipata huruma ukaweka dakika 30 badala ya sifuri, atalazimika kurudia kila nusu saa: majaribio 144 kwa akaunti kwa siku, 72,000 kwa wote. Bado ni chini ya jaribio moja kwa sekunde. Kompyuta mpakato iliyochoka itaimudu kazi hiyo huku mwenyewe akitazama mpira.

Hata nia ya kukufungia nje si lazima. Mwishoni mwa 2008 kirusi Conficker kilianza kusambaa kikibahatisha nywila dhaifu kwenye kompyuta za mitandao ya ofisi. Lengo lake lilikuwa kuingia tu, lakini palipokuwa na kufuli kali akaunti zilifungwa kwa wingi, hata msimamizi akaijua ziara yake kwa malalamiko ya watu kabla ya kuona alama nyingine.

Mwenye busara atapandisha namba. Makosa 10, kufungwa dakika 15, na hesabu kuanza upya baada ya dakika 15. Hayo yaliwahi kuwa mapendekezo ya Microsoft yenyewe katika mipangilio yake ya msingi, na amri yake kwenye domeni ni hii:

```
net accounts /lockoutthreshold:10 /lockoutwindow:15 /lockoutduration:15 /domain
```

Mkaguzi akishtuka kusikia 10, mwambie NIST, taasisi ya viwango ya Marekani, katika mwongozo wake wa 2017 iliweka ukomo wa makosa 100 mfululizo. Kwa mpangilio wako mpya wa 10 na 15 mbahatishaji anapata majaribio 960 kwa siku kwa kila akaunti. Ni mengi kwa namba ya siri ya tarakimu nne, maana zote 10,000 zitakwisha kabla ya siku ya 11 kuisha, kwa hiyo usiuthubutu huko. Kwa nywila ndefu ambayo haimo kwenye orodha ya zile zinazopendwa na wengi, ni kuchota bahari kwa kijiko.

Lakini usijipongeze mapema. Anayetaka kukufungia nje sasa anahitaji majaribio 480,000 kwa siku, yaani kama matano na nusu kwa sekunde. Kompyuta ile ile, mpira ule ule. Namba kubwa imemwokoa mama wa masjala aliyesahau kuzima herufi kubwa, adui haijamgusa. Ukiongeza namba adui anaongeza mwendo, na mbio hizo hushindi, kwa sababu tatizo halijawahi kuwa idadi ya makosa. Tatizo ni kwamba makosa ya mgeni na ya mwenyewe yanaandikwa kwenye daftari moja.

Kwa hiyo tenganisha madaftari. Mtu akiingia vizuri mara ya kwanza, seva iache kwenye kivinjari chake kuki iliyotiwa saini, yenye jina la akaunti yake. Safari ijayo, anayekuja na kuki halali makosa yake yahesabiwe kwa kuki hiyo peke yake. Wasio na kuki wote wahesabiwe pamoja, kwenye daftari la wageni wa akaunti hiyo. Wageni wakifikisha 10, mlango wa wageni unafungwa dakika 15, na mwenye kuki anaendelea kusoma barua zake bila habari. Kuki haichukui nafasi ya nywila. Inaamua tu foleni. Atakayeumia ni aliyenunua simu mpya siku hiyo hiyo ya shambulio, na huyo hata mimi sina dawa yake.

Bahati mbaya Active Directory haijui kuki. Huko inabidi lango la nje lichoke kabla ya kufuli la ndani. Nje liache kupeleka majaribio baada ya makosa 5, wakati ndani kikomo ni 10. Na zingatia saa, maana hapa ndipo wajuzi huanguka: nje likisahau baada ya dakika 10 na ndani likikumbuka kwa dakika 15, adui atapitisha 5, atasubiri dakika 10, atapitisha 5 nyingine, na ndani litahesabu 10 na kufunga. Kumbukumbu ya nje lazima iwe ndefu kuliko ya ndani.

Akaunti zikianza kufungwa, usikimbilie kulaumu Warusi. Fungua kumbukumbu za usalama za seva ya domeni, tafuta tukio 4740, usome mstari wa `Caller Computer Name`. Watu 40 wakiwa wamefungwa wote kupitia seva ya barua pepe, una mgeni. Akiwa ni mtu mmoja, kila baada ya dakika chache, kutoka kwenye kifaa kimoja, ni tabuleti iliyosahauliwa kwenye droo, ingali inajaribu nywila ya mwaka juzi. Nywila mbili zilizotangulia Windows huzisamehe bila kuzihesabu. Za kale zaidi, hapana.

Na ukimaliza yote hayo, mbahatishaji makini hataligusa kufuli lako kabisa. Atachukua nywila moja, tuseme jina la taasisi na mwaka huu, aijaribu mara moja kwa kila mfanyakazi, kisha angoje saa nzima kabla ya kuleta ya pili. Hakuna akaunti itakayofika hata makosa 2 ndani ya dakika 15. Chuja matukio 4771 na 4776, uyapange kwa saa badala ya kwa mtu. Ukikuta majina 500, kila moja kosa moja, kuanzia Abdallah hadi Zuwena, jua wafanyakazi wako hawana nidhamu ya kukosea kwa alfabeti.