Heri ya Kitu Fulani kwa Yeyote Anayehusika

Mimi ni Muislamu wa Rumonge, na Noheli haijawahi kuniumiza. Yanayoniumiza nayajua: bei ya mukeke, foleni ya mafuta, na barabara ya Bujumbura ikikatika wakati wa mvua. Noheli haimo. Siku hiyo jirani yangu Mkatoliki humtuma mtoto na sinia lililofunikwa kitambaa. Mbuzi amechinjwa na Muislamu, tena ameitwa mapema makusudi, ili nisipate sababu ya kulisukuma sinia pembeni. Idi ikifika nami nalirudisha na pilau, maana sinia la mtu halirudi tupu. Tumeishi hivyo miaka na miaka bila kuandikiana waraka.

Ndiyo maana nimeshangaa kuona ofisini kwetu watu wamekaa kikao kunikinga na Noheli.

Agizo lilitoka makao makuu: Desemba, wafanyakazi wa dini zote watumiwe salamu zisizoegemea dini yoyote, kwa lugha nne. Kirundi kwa sababu ndiyo lugha yetu sote. Kifaransa kwa sababu wakubwa bado wanatia saini kwa Kifaransa. Kiingereza kwa sababu tangu 2014 ni lugha rasmi ya Burundi, ingawa ofisini kwetu kinasomwa na mtu mmoja, naye hukisoma kimoyomoyo. Na Kiswahili, kwa sababu hapa Rumonge ukikosa Kiswahili sokoni utarudi nyumbani na kikapu kitupu.

Kifaransa hakikusumbua. Wenyewe walikwisha kuitengeneza salamu yao zamani, «Joyeuses fêtes de fin d'année», yaani sikukuu njema za mwisho wa mwaka, na hakuna anayeuliza ni sikukuu za nani. Kiingereza nacho wakakinakili mahali fulani. Taabu ilianza tulipofika kwenye Kirundi.

Kirundi kina salamu yake ya Desemba, na kila mtoto anaitamka kwa pumzi moja: «Noheli nziza n'umwaka mushasha muhire». Kikao kikaamua Noheli itoke. Ukiitoa, kinabaki heri ya mwaka mpya peke yake, na waraka unatoka tarehe 20 Desemba, yaani tunapeana heri ya mwaka ambao bado haujapakiwa hata kwenye boti. Ndipo sekretari akaleta sentensi nzuri, imeandikwa vizuri, ina «iminsi mikuru» na «umwaka mushya». Zamu wetu, mzee aliyekuwa anapita na birika la chai, akaisoma akacheka. Akasema, «Mwanangu, hii kadi imetoka Kigali.» Kweli. Sisi tunasema «imisi» na «mushasha»; «iminsi» na «mushya» ni vya jirani zetu wa kaskazini. Ukitaka kujua kama salamu ya Kirundi imetafsiriwa au imechomolewa mahali, angalia maneno hayo mawili tu, usipoteze muda na mengine.

Baada ya hapo wakamgeukia Mungu. Rasimu ilikuwa na mstari wa mwisho, «Imana ibahezagire», Mungu awabariki. Mtu mmoja akasema mstari huo una dini. Ukakatwa. Sasa naomba msomaji atazame waliokata. Wa kwanza anaitwa Hakizimana, jina linalosema kwamba Mungu ndiye anayeponya. Aliyemuunga mkono ni Nduwimana, yaani mimi ni wa Mungu. Na aliyeshika kalamu ni Abdallah, ambaye kwa Kiarabu ni mtumwa wa Mungu. Watumishi hao watatu wamemfuta Bwana wao kwenye karatasi, kisha wakaweka majina yao chini yake, Mungu akarudi mara tatu.

La ajabu ni kwamba neno walilolifuta ndilo pekee ambalo sote tunalo. Imana alikuwa anatajwa nchini hapa kabla padri wa kwanza hajafika na kabla msafara wa kwanza kutoka Ujiji haujatia nanga. Biblia ilipotafsiriwa kwa Kirundi walimchukua yuleyule. Mimi nikizungumza Kirundi nasema Imana, shemasi wa Kipentekoste anasema Imana, na bibi ambaye hajaingia kanisa wala msikiti naye anasema Imana. Kwa Kiswahili ni hivyohivyo: Mungu wa msikitini na Mungu wa kanisani wanaandikwa kwa herufi zilezile. Kinachotutenganisha ni Noheli, Idi, Ijumaa, Jumamosi na Jumapili. Kikao kiliingia kutafuta neno la wote, kikalikuta, kikalitupa.

Zamu akajaribu kusaidia. Akasema kuna salamu ya zamani isiyo na kanisa wala msikiti: «Amashyo!» Unamtakia mtu makundi ya ng'ombe, naye anakujibu «Amashongore!», akikurudishia heri ileile. Mimi nilidhani amewamaliza. Mhasibu akainua mkono: je, wasio na ng'ombe hawatajisikia wametengwa? Sisi wa pwani tuna ndagala na mawese. Salamu ya ng'ombe ikapelekwa kwenye kapu la taka pamoja na Imana.

Kiswahili nilipewa mimi, bila kuulizwa. Kifaransa kilikuwa kimekwisha kubadilishwa na makao makuu kikawa na neno la majira, kwa hiyo rasimu niliyoletewa nikague ilisema: «Salamu za msimu kwa wote.» Nikamsomea shofero wetu. Akauliza, msimu gani? Swali la haki kabisa. Hapa ukisema msimu, mtu anafikiri mawese yanapojaa sokoni, au giza la mwezi, siku ambazo boti zinatoka na taa kuvua ndagala, maana mwezi ukiwa mpevu taa haina kazi na wavuvi wanalala. Desemba yenyewe ni msimu wa mvua. Kumpa mtu wa Rumonge salamu za mvua, baada ya ziwa kupanda miaka ya karibuni na kumeza nyumba za ufukweni, ni kumtania. Nikaandika «Heri ya sikukuu». Wakaipitisha kwa sababu walichoka.

Kisha wakaharibu kwenye kugawa. Sekretari hakuwa na orodha ya nani anasoma lugha gani, akaenda kwa majina. Kina Jean-Marie Kifaransa, kina Hakizimana Kirundi, kina Hadija Kiswahili. Sasa, msomaji wa Mombasa au Tanga pengine hajui jambo hili: huku Burundi ukisema Mswahili, wengi wanaelewa Muislamu. Hata asiyejua sentensi mbili za Kiswahili, akiwa na kofia na kanzu, ni Mswahili. Kwa hiyo karatasi ya Kiswahili, iliyopimwa neno kwa neno isiegemee dini, ilitua mezani kwa Waislamu watupu, nayo ikawa karatasi ya Waislamu. Ya Kirundi ikawa ya Wakristo. Hakuna neno hata moja la dini ndani ya karatasi hizo, na bado kila mtu alijua ipi ya msikitini na ipi ya kanisani.

Aliyeumia zaidi ni shemasi wetu. Ni Mbembe kutoka Fizi ng'ambo ya ziwa, Kiswahili amekinyonya, na kwao tarehe 1 Januari wanapeana «Bonane» kwa sauti ya kuvunja dirisha. Alitaka ya Kiswahili. Kwa kuwa jina lake ni la Biblia, akapewa ya Kifaransa. Alipoomba kubadilishiwa akaulizwa, kwa upole mkubwa, kama amesilimu.

Na Shahidi wa Yehova wetu, ambaye hasherehekei Noheli wala mwaka mpya, alipata karatasi ya Kirundi inayomtakia vyote viwili bila kuvitaja. Aliikunja akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unacheza. Katika ofisi nzima ni yeye pekee aliyepata faida.

Mimi nina hesabu moja ambayo kikao hakikuipiga. Sikukuu za mwisho wa mwaka ni zipi, ukitoa Noheli? Mwaka wangu wa Kiislamu wa 1447 ulianza mwishoni mwa Juni 2025. Idi ya Fitri inarudi nyuma siku kama kumi na moja kila mwaka wa kalenda ya ukutani. Mwaka 2000 iliangukia 27 Desemba, na mwaka huo maneno «sikukuu za mwisho wa mwaka» yalikuwa ya kweli kwetu sote. Itarudi huko karibu na tarehe 23 Desemba 2033. Kabla ya hapo, salamu yenu isiyoegemea dini ni Noheli iliyovaa miwani myeusi. Naitambua kwa mwendo.

Idi yenyewe ikifika, waraka hauonekani. Si kwa ubaya. Salamu ya Desemba inachukua wiki tatu: rasimu, kikao, tafsiri, makao makuu, kurudi, kikao tena. Mwezi hautoi wiki tatu. Tunakaa usiku tukisubiri COMIBU, jumuiya yetu ya Waislamu wa Burundi, itangaze kama mwezi umeandama, na asubuhi ni sikukuu ya taifa, ofisi imefungwa. Hakuna kikao kinachoweza kutafsiri kwa lugha nne kati ya Isha na Alfajiri. Basi mwaka mzima nakingwa na sikukuu ya jirani, na yangu inapita kimya.

Waheshimiwa wa kikao, nawaomba hivi. Desemba andikeni «Noheli nziza n'umwaka mushasha muhire», mtume kwa wote, nami nikiwemo, nitaipokea na sinia lake. Idi nayo tarehe yake ya makadirio inajulikana mapema. Andikeni «Idi njema» sasa hivi, iwekeni kwenye droo, mwezi ukiandama mtu mmoja abonyeze simu, imfikie na shemasi, kwa Kiswahili. Mistari ya Mungu irudisheni mahali pake. Shahidi wa Yehova mpeni meza nyingine.

Na kama makao makuu bado yanadai salamu isiyo na dini kabisa, lipeni mshahara wa Desemba kabla ya tarehe 20. Mwaka jana ulikuja Januari.