Vema Tupu

Jedwali la kutangaza hifadhidata yetu lilitupa sisi vema tupu, SQLite makosa tupu. Hata mstari wa "nembo ya kisasa" ulikuwemo. Tulishinda, bila shaka.

Nikatumwa niligeuze liwe sentensi za kweli. Kosa la "haina seva" likawa: ni faili moja, huna seva ya kuwasha wala kulinda. Wengi wanaweza kusoma pamoja, lakini anayeandika ni mmoja kwa zamu. Wa pili asubiri, la sivyo akutane na `database is locked`. Duka moja linatosheka. Matawi kumi yakiandika kwa mpigo, chukua PostgreSQL.

Na vema letu la "kasi"? Lilipimwa na mtumiaji mmoja, bosi.

Jedwali la zamani limerudishwa.